Nilivyoweza kuandika maelezo ya shahidi msomaji akajua nani kafanya nini

Mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata, huku Tanga. Watu wanakuja na mambo ya mirathi, mipaka ya mashamba, ndoa, wanasimulia na mimi naandika, halafu yale maelezo yanaenda kusomwa na watu ambao hawakuwepo wakati yanasimuliwa. Hapo ndo utaona hii a- yetu ilivyo na kazi. Alikuja, akasema, akachukua, ni mwanaume au mwanamke, mtoto au mzee, wote wamo kwenye herufi moja, na msikilizaji inabidi aamue mwenyewe ni nani anasemwa, na anaamua haraka mno kiasi kwamba hata hajui kama ameamua.

Nitoe mfano mmoja maana ndo ulionifungua macho, majina nimebadilisha. Bibi mmoja alikuja kutoa ushahidi wa shamba, akasema hivi: "Salima alimkuta Mwanaidi sokoni akiwa amebeba mtoto wake, akamwambia mume wake ameuza shamba lake." Ukiisikia unaona imenyooka kabisa. Sasa kaa nayo. Nani kabeba mtoto? Mtoto wa nani? Nani kamwambia mwenzake? Mume wa nani? Na shamba ni la huyo mume, la Salima, au la Mwanaidi? Kesi nzima ilikuwa kwenye hilo swali la mwisho.

Nilichofanya nikawa nawasomea wenzangu ofisini, mmoja mmoja, hawasikilizani, halafu namuuliza kila mtu maswali yaleyale. Kwenye kubeba mtoto walikubaliana, wote walisema Mwanaidi. Na sababu yake ipo, ukisema fulani alimkuta fulani, au alimwona, au alimsikia, kile kitenzi cha -ki- kinachofuata kinamwendea yule aliyekutwa. "Nilimkuta akilia", hakuna anayefikiri nilikuwa nalia mimi. Lakini badilisha kitenzi uone, "Salima alimuaga Mwanaidi akilia", hapo wenzangu wakaanza kuvutana, wengine wanasema analia anayeaga, wengine anayeagwa.

Kwenye "akamwambia" walio wengi wakasema Salima ndo kasema, kwa sababu yeye ndo alianza sentensi, na -ka- kwa kawaida inaendeleza mtendaji yuleyule, alifika akakaa akaomba maji, huyo ni mtu mmoja tu. Ila kuna mama mmoja alisema hapana, aliyesema ni Mwanaidi, kwa sababu hapo katikati tulishahamia kwake, yeye ndo kabeba mtoto, kwa hiyo yeye ndo yuko mbele ya macho. Na hana kosa. Zile ni nguvu mbili kweli, moja inakuvuta kwa aliyeanza, nyingine inakuvuta kwa aliyetajwa sasa hivi, na sentensi ikiwa ndefu hujui ipi itashinda kwa msomaji wako.

Kwenye shamba ndo hawakuelewana kabisa. "Lake" inakwambia tu kwamba kinachomilikiwa ni shamba, kwa ile la- inayofuata ngeli ya shamba, mwenye mali haikwambii.

Nikarudi kwa yule bibi. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikamwambia bibi nakusomea ulivyosema, nikifika mahali nitasimama unitajie jina. Nikawa nasimama kwenye kila a- na kila -ake. "Aliyebeba mtoto nani?" Mwanaidi. "Mtoto wa nani?" Wa Salima, alikuwa amemuachia amshikie! Unaona, hilo hakuna hata mmoja ofisini aliyelipata. "Nani kamwambia mwenzie?" Mwanaidi. "Mume wa nani kauza?" Wa Mwanaidi. "Shamba la nani?" La Mwanaidi, kapewa na baba yake kabla hajaolewa. Bibi alikuwa anajua kila kitu, na wakati anasimulia alikuwa ananyoosha mkono huku na huku, huyu kamuweka kulia, yule kushoto, sema mkono hauandikiki kwenye karatasi.

Maelezo yakatoka hivi: "Salima alimkuta Mwanaidi sokoni. Mwanaidi alikuwa amembeba mtoto wa Salima. Salima alimsalimia, naye akamwambia kwamba mume wake yeye Mwanaidi ameuza shamba ambalo Mwanaidi alipewa na baba yake." Hiyo salamu sikuibuni, bibi aliitaja nilipomuuliza. Angalia hiyo "naye", mimi naipenda sana, ukiiweka msikilizaji anajua zamu imebadilika, aliyekuwa anafanyiwa sasa ndo anafanya. "Alimsalimia, akamwambia" ni mtu mmoja, "alimsalimia, naye akamwambia" ni mwingine.

Kuna mtu atasema si uandike majina kila mahali yaishe. Nilijaribu, haifai. Ukiandika "Salima alifika, Salima akakaa, Salima akaomba maji", msomaji anaanza kujiuliza kama kuna Salima wawili, na huku kwetu kweli wanaweza kuwepo wawili ukoo mmoja. Jina linarudi pale mtendaji anapobadilika, akiendelea yuleyule iachie a- ifanye kazi.

Vitu vina nafuu kidogo kwa sababu ya ngeli. "Gari liligonga baiskeli ikapinduka", iliyopinduka ni baiskeli, huna haja ya kuuliza. "Likapinduka", basi ni gari. Tatizo mtaani tunasema gari imegonga, gari imeharibika, wote tunasema hivyo, na ukiandika "gari iligonga baiskeli ikapinduka" ule msaada umeupoteza. Kwenye maelezo narudisha li- yangu. Ila "pikipiki iligonga baiskeli ikapinduka" zote ni ngeli moja, hapo lazima utaje.

Kingine kinachoamua ni maana ya kitenzi chenyewe. "Asha alimwomba radhi Rehema kwa sababu alimtukana." "Asha alimsamehe Rehema kwa sababu alimtukana." Maneno ya mwisho ni yaleyale, herufi kwa herufi, lakini ya kwanza aliyetukana ni Asha na ya pili ni Rehema. Anayeomba radhi ndo mwenye kosa, anayesamehe ndo aliyekosewa, msikilizaji anatumia anachojua kuhusu watu. Garvey na Caramazza waliliandikia hili kwa Kiingereza mwaka 1974, kwamba kitenzi chenyewe kinaelekeza sababu kwa mtu fulani, na kwetu naliona kila siku.

Na hapohapo ndo pana hatari, maana msomaji akikosa msaada kwenye sentensi anajaza kwa anachokiamini. "Dereva wa bodaboda alimgonga mzee akiwa amelewa." Nimewasomea watu wengi hii. Anayewaona bodaboda wote ni walevi anasema dereva kalewa, wala hasiti. Anayemfikiria mzee anayetoka kilabuni jioni anasema mzee. Kila mmoja anaapa kwamba sentensi imesema hivyo. Kwa hiyo ulevi, silaha, na nani alianza, hivi vitu sasa siviachi vining'inie kwenye "akiwa", navipa sentensi yake yenyewe yenye jina, "dereva alikuwa amelewa", nukta, halafu namsomea tena shahidi kabla hajaweka dole gumba.