Tovuti ya msikiti wetu, bila kadi ya benki na bila mbwembwe

Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaka zaidi ya laki moja na nusu. Kwa pesa hizo angetuletea programu ya simu, malipo kwa kadi ya benki, na hotuba ya Ijumaa ikirushwa mubashara kwa video. Wanakamati walianza kulainika. Nikauliza swali moja tu: katika jamaa zetu hapa Mombasa, nani ametoa sadaka kwa kadi? Kimya. Basi nikaambiwa, "Haya, ifanye wewe tuone." Nimeifanya, na gharama haikufika hata robo ya ile. Sehemu kubwa ilikuwa jina la tovuti na ada ya mwaka ya kuihifadhi.

Ukurasa wa kutoa ndio ulionitoa jasho. Mtu alikuwa ametushauri tuchukue namba ya Till, ati ni rahisi, kama duka. Rahisi kweli, ila Till haina mahali pa mtoaji kuandika pesa ni za nini. Ramadhani ikaingia, pesa zikamiminika, na zaka, sadaka na mchango wa ujenzi vikalala kapu moja. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa ndani ya Qur'ani. Huwezi kuinunulia saruji. Mzee mweka hazina alikesha na orodha ya M-Pesa akimpigia simu mtoaji mmoja mmoja: "Samahani mama, ile elfu mbili ulinuia nini?" Wengine walikuwa wamesahau.

Tukahamia Paybill, kwa sababu ina "Account No.", nayo hupokea chochote mtu anachoandika, mradi hujaomba ihakikiwe. Hapo watu wakaandika zaka, zakah, zakat, zk, na mmoja akaandika jina la marehemu babake. Dawa ikawa tarakimu. 1 ni zaka, 2 sadaka, 3 ujenzi, 4 zakatul-fitri. Kwenye tovuti kila fungu lina kisanduku chake chenye namba ya Paybill, tarakimu yake na kitufe cha kunakili. Hakuna fomu, hakuna kadi. Kisichoeleweka kinaingia daftari la kuulizia, hakiguswi mpaka mwenyewe apatikane. Na hiyo 4 naiweka siku za mwisho za Ramadhani tu, naiondoa usiku wa kuamkia Idi, kwa sababu zakatul-fitri lazima imfikie maskini kabla ya swala ya Idi. Atakayeituma saa nne asubuhi amechelewa, na ukurasa usimdanganye.

Kalenda nayo ina ujanja wake. Kila kalenda ya kompyuta inataka saa, na sisi hatuna saa, tuna "baada ya Magharibi". Magharibi ya Mombasa husogea kama nusu saa kati ya Novemba na Februari, kwa hiyo ukibandika 18:30 utakuwa mwongo nusu ya mwaka. Mimi naandika kila darsa kama tukio la siku nzima kwenye Google Calendar, halafu wakati nautia ndani ya jina: "Tafsiri, baada ya Magharibi". Usithubutu kuiambia irudie Maulidi kila mwaka. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo mwaka wa pili tu tarehe imeshapotea. Sikukuu naziingiza kwa mkono, na mbele yake naandika "mwezi ukiandama".

Hotuba tulizirekodi kwanza kwa simu iliyowekwa juu ya rafu ya misahafu. Tulipata feni safi kabisa, kunguru wa mtaani, na kwa mbali mtu anayefanana na imamu. Sasa tuna kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, kimechomekwa kwenye simu kuukuu iliyo mfukoni mwa kanzu, mtandao umezimwa isije ikalia katikati ya hotuba. Sheikh alikataa mwanzoni. Aliposikia sauti yake ilivyotoka, sasa ndiye anayeniuliza, "Maalim, umenifunga?"

Faili la sauti ghafi la WAV hula kama MB 10 kwa dakika. Nani atapakua hotuba ya dakika ishirini kwa bando lake? Nalibana kwa programu ya ffmpeg, hivi:

```
ffmpeg -i hotuba.wav -ac 1 -ar 22050 -b:a 48k hotuba.mp3
```

Dakika ishirini zinakuwa kama MB 7, na kwa mtu anayeongea peke yake husikii tofauti. Kisomo cha Qur'ani nakipa 96k, maana sauti ya qari ikibanwa sana huanza kukwaruza. Jina la faili huanza na tarehe, mwaka mbele, ili zijipange zenyewe. Mada naiandika chini yake, kwani watu hutafuta "mirathi" na "talaka". Hakuna anayekumbuka ilikuwa Ijumaa gani.