Namna nilivyoizuia mikanda isijiwashe umeme unaporudi

Nilipokabidhiwa mfumo wetu wa mikanda mitatu inayopokezana mzigo, kila mtu alinihakikishia kwamba intaloki zake ni kamili. Kwa upande mmoja walisema kweli. Mkanda wa tatu, ule wa kumwagia, huwaka kwanza, kisha wa pili, kisha wa kwanza, na kila mmoja hausogei mpaka ulio mbele yake uwe unakwenda. Wa tatu ukisimama, wa nyuma yake husimama papo hapo, la sivyo mzigo ungefurika kwenye shuti. Lakini umeme ukikatika na kurudi, mikanda yote mitatu ilianza kwenda bila mtu kugusa kitufe. Hilo lilininyima raha kabisa, kwa sababu umeme unapokatika ndipo watu husogea kukwangua mzigo ulioganda kwenye roli.

Ushauri wa kwanza niliopewa, tena kwa sauti ya kujiamini, ulikuwa kufunga taima kwenye paneli ili umeme ukirudi mfumo usubiri sekunde 30. Nilitaka waliouleta waone wenyewe, nikaufunga, nikaondoa watu wote na mzigo wote, nikakata umeme na kuurudisha. Tukasimama mbali tunatazama. Kimya. Mikanda imelala, hakuna taa wala king'ora, yeyote angeapa kwamba mfumo umezima. Sekunde 30 zilipotimia, mota zote tatu zikashtuka kwa pamoja. Taima iliongeza hatari, maana ilimpa mtu nafasi ya kutosha kukaribia na kuingiza mkono. Tena utaratibu wa kuwaka mmoja mmoja ulipotea, na kila mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida.

Ushauri wa pili ulikuwa kufuta amri zote kwenye mzunguko wa kwanza wa programu, pale PLC inapoamka. Kwingine ungefaa. Kwetu PLC ilikuwa kwenye UPS, kwa hiyo haikulala hata kidogo, na mzunguko huo wa kwanza haukutokea. Biti ya "kazi" ilibaki 1 muda wote wa giza. Nikapima koili za kontakta: nazo zilikula volti 24 za UPS hiyo hiyo. Kontakta zilikuwa zimefunga huku mota hazina umeme, na kontakti zao za kurudisha taarifa zikiiambia PLC kwamba kila kitu kinakwenda. Ruhusa zote zilikuwa kijani kwa sababu hakuna hata moja iliyoutazama umeme wa mota wenyewe.

Hapo dawa ikajulikana. Nilifunga rilei ya kulinda fezi kwenye laini ya mota, upande wa UPS usikofika. Kontakti yake hufunga umeme ukiwa mzima na kuachia ukipotea, hivyo hata waya wake ukikatika mfumo unasimama. Nikaipitisha kwenye rilei kuu inayojishikilia kwa kontakti yake yenyewe, ikiwa mfululizo na mnyororo wa swichi za dharura. Koili za kontakta zote sasa zinapata umeme kupitia rilei kuu. Umeme ukipotea inaachia, na ukirudi inabaki imeachia mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuweka upya. Kitufe hicho hurudisha ruhusa tu. Kuwasha kuna kitufe chake, na king'ora hulia sekunde 10 kabla mkanda wa tatu haujasogea.

Kwenye programu, kwa kila mkanda, nikaandika hivi:

```
IF Anza_Pulse AND Ruhusa THEN Kazi := TRUE; END_IF;
IF NOT Rilei_Kuu OR NOT Intaloki THEN Kazi := FALSE; END_IF;
```

Mstari wa kusimamisha lazima uwe wa chini, ili amri mbili zikigongana kusimama kushinde. Na `Anza_Pulse` ni ule mpito wa kitufe cha mkanda husika kutoka 0 kwenda 1, si kitufe kilichoshikwa. Niliijaribu kwa kubana kitufe cha kuwasha kikae ndani, nikakata umeme, nikarudisha, nikaweka upya. Hakuna kilichosogea mpaka kitufe kilipoachiwa na kubonyezwa tena.

Jaribio ambalo wengi huliruka ni la umeme kupepesa. Rilei ya fezi ilikuja imewekewa kuchelewa sekunde 5 kabla ya kuachia, na umeme uliopotea sekunde 2 ulipita bila kuonekana: mkanda ulisita, kisha ukaendelea wenyewe. Nimeishusha mpaka alama ya chini kabisa. Mikanda husimama mara nyingi kidogo kuliko zamani, na waendeshaji wananung'unika, lakini siipandishi. Na anayeingia kukwangua roli bado anazima swichi kuu na kutia kufuli yake, kwa kuwa rilei kuu huzuia mfumo usijiwashe, haimzuii mwenzake kubonyeza vitufe.