Kilichokuwa nyuma ya mvuvi: kupiga picha soko la Feri

Soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, lina picha kila unapogeuka. Alfajiri boti zinashusha mzigo, vijana wanapita na matenga kichwani huku maji yakiwachuruzika mgongoni, madalali wanapandisha bei mnadani, na upande wa wakaangaji moshi umeshatanda. Nilikwenda pale mwaka 2018 kumalizia picha zangu za katikati ya mji, nilizoanzia Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, nikashuka hadi Kanisa la Azania Front, kisha nikafuata ufukwe. Sanamu na kanisa havikunipa tabu. Kanisa lenyewe unalipiga ukiwa ng'ambo ya barabara, bandari umeipa mgongo, na kila mlinzi anaona kwamba unatazama mjini.

Feri ni habari nyingine kwa sababu ya majirani zake. Kivuko cha Kigamboni kiko palepale. Mbele yako ni mlango wa bandari, ambao meli zote zinazoingia na kutoka zinaupitia. Ukifuata barabara ya ufukweni kidogo tu unafika Magogoni, ilipo Ikulu. Soko liko wazi kwa mtu yeyote mwenye hela ya kununua kibua, lakini limezungukwa na sehemu zinazolindwa, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haina mzaha na sehemu za namna hiyo. Haya yote niliyajua. Nilichokuwa sijakielewa ni jinsi lenzi inavyoweza kukuingiza huko wakati wewe unaona umesimama sokoni.

Siku ile nilikuwa na lenzi ndefu ya milimita 200. Nilisimama kando, mbali na msongamano, nikawa namvizia mzee mmoja anayekunja tanga kwenye mashua yake. Nilipiga picha sita. Akaja kijana aliyevaa kiraia, akanisalimia vizuri, akauliza, "Kaka, hapo unapiga nini?" Nikamwonyesha kwenye skrini. Akaikuza picha kwa kidole gumba, akapita juu ya bega la mzee, akasimama. Pale nyuma kulikuwa na chombo cha rangi ya kijivu, kikubwa, kinasomeka hadi namba ubavuni. "Na hiki?" Kweli sikuwa nimekiona. Macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya mzee.

Tulikaa ofisini kama saa moja na nusu. Waliandika jina langu na namba ya kitambulisho, wakauliza picha ni za nani na zinakwenda wapi. Mambo mawili yalinisaidia. Kwanza, tangu nilipoulizwa niliishusha kamera ikaning'inia shingoni na sikugusa kitufe chochote. Ukifuta picha mbele ya mtu anayekuuliza, umeshamwambia kwamba kuna kitu. Pili, nilijibu nilichoulizwa, basi. Sikuanza kudai haki ya kupiga picha barabarani, kwa sababu aliye mbele yako pale hana mamlaka ya kuamua hilo, yeye anatakiwa kupeleka taarifa. Mwishowe waliniambia nizifute zile sita mbele yao, nikazifuta, wakanirudishia kamera na kadi yake.

Nyumbani nilitafakari kilichotokea. Ukisimama mbali na kumvuta mtu kwa lenzi ndefu, kilicho nyuma yake kinaonekana kikubwa kana kwamba kimemsogelea. Chombo kilichokuwa mbali kule majini kilijaa nusu ya fremu yangu. Isitoshe, anayekutazama kutoka pembeni hajui unamlenga nani. Anachoona ni mtu aliyejitenga, ameshika lenzi ndefu, ameielekeza bandarini. Lenzi fupi hufanya kinyume chake. Ukiwa na milimita 35 inabidi usogee hadi hatua mbili kutoka kwa mtu, naye anajaa kwenye fremu, nyuma yake kunakuwa kudogo, na kila aliyepo anajua unampiga nani.

Wiki tatu baadaye nilirudi nikiwa na lenzi hiyo fupi peke yake. Siku nne kabla nilikuwa nimepeleka kwa uongozi wa soko barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wangu, ikitaja siku, saa, sehemu za soko nitakazopita na matumizi ya picha. Kiongozi mmoja aliisoma akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapa mnadani sawa, kwa wakaangaji sawa. Ukitazama majini, kamera chini." Akanipa kijana wa sokoni wa kutembea nami. Kijana huyo alikuwa na maana kuliko barua, maana barua inabaki ofisini lakini yeye kila meza anamfahamu mwenyewe. Kuanzia hapo nilipanga nisimame nimeyapa maji mgongo, na kabla ya kubonyeza nikawa napitisha jicho kwenye kingo nne za fremu nikitafuta uzio, mlingoti, au mtu mwenye sare.

Kwa watu wa sokoni shida ni ya aina nyingine kabisa. Mama mmoja wa upande wa kukaanga aliniuliza waziwazi, mwiko mkononi, "Ukiondoka hapa unaenda kutuuza?" Swali hilo lina haki yake. Wamepigwa picha na wageni kwa miaka mingi na hawajawahi kuona hata moja. Nilimwambia, "Mama, picha ni za maonyesho ya majengo na kazi za mjini, na yako nitakuletea." Akafunga khanga yake vizuri kichwani kwanza, kisha akaniruhusu. Nilikuwa karibu kumpiga kabla hajajifunga. Tangu siku hiyo huwa nasubiri mtu ajiweke sawa, hata kama mwanga unapotea.

Mwuza samaki mwingine aliweka kiganja mbele ya lenzi bila kusema neno. Kijana wangu akaninong'oneza nitazame mezani. Samaki walikuwa wadogo mno. Serikali ilikuwa ikisaka uvuvi haramu kwa nguvu wakati ule, na picha moja ya meza kama ile ingeweza kumletea mtu faini au zaidi. Niliisogeza kamera pembeni nikampa mkono. Nadhani watu wengi wanaokataa picha sokoni wana jambo kama hilo ambalo hawatalisema: leseni iliyokwisha, deni kwa aliye meza ya tatu, mke anayejua mume yuko kazini kwingine. Siwaulizi sababu.

Baada ya wiki mbili nilichapisha picha kumi na nne za ukubwa wa kadi ya posta nikazipeleka asubuhi, mnada ulipopungua. Yule mama aliifuta mikono kwa khanga kabla ya kuipokea yake, akaitazama muda mrefu, kisha akaichomeka nyuma ya kioo kidogo alichokitundika kwenye nguzo ya banda lake. Mpaka leo nikienda ananiita kwa sauti, na jirani zake hawaniulizi tena naenda kuwauza wapi.

Picha ya mzee na tanga lake sijaipata. Inahitaji kutazama majini, na kwa hilo ruhusa ya soko haitoshi. Barua nyingine nimeshaipeleka panapohusika, nimeambatanisha mchoro wa mahali nitakaposimama na upande nitakaoelekeza lenzi.