Siku moja ya kugeuza kope, Kongwa

Saa kumi na mbili asubuhi napakia sanduku langu kwenye pikipiki: miwani ya kukuzia, tochi, dawa ya kusafishia mikono, vibano na daftari. Naenda kukagua macho nyumba kwa nyumba, nikitafuta trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza unaoweza kupofusha. Ni Alhamisi ya mwezi Septemba, mvua iko mbali, na vumbi la Kongwa linaamka kabla ya watu.

Saa mbili naingia katika kaya ya kwanza na kusalimia, "Mbukwenyi." Kabla sijamgusa mtoto yeyote, humtazama uso kwanza. Mvulana wa miaka minne ana tongotongo zilizokauka kwenye pembe za macho, kamasi chini ya pua, na nzi watatu wanaokunywa humo bila yeye hata kupepesa. Nzi hao huzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi, wala si ndani ya shimo la choo, na ndiyo maana huuliza habari za choo hata pale ninapokuja kwa ajili ya macho.

Namwomba atazame chini, nashika kope zake, naligeuza gamba la juu la jicho na kuvaa miwani. Sehemu ya ndani, ambayo kwa mtoto mzima ni laini na ya waridi, ina vipele vyeupe mithili ya chenga za mchele. Vikifika vitano katika eneo la katikati, kila kimoja kikiwa na upana wa nusu milimita au zaidi, hiyo ni trakoma hai. Yeye ana vinane. Katika jicho la pili utando umevimba hata sehemu kubwa ya mishipa ya damu haionekani, dalili ya uvimbe mkali.

"Lakini hajawahi kulalamika kwamba macho yanamuuma, dada," anasema mama yake. Ni kweli, wengi hawalalamiki, na hapo ndipo ugonjwa huu unapotudanganya.

Saa nne namgeukia bibi yake, anayeishi nyumba hiyo hiyo. Ndani ya gamba lake la jicho hakuna tena vipele, bali mistari myeupe kama nyuzi zilizoshonwa ovyo. Maambukizi ya kurudiarudia ya utotoni yaliacha makovu madogo, mengine yakaongezeka juu yake mwaka baada ya mwaka, na makovu yanaposinyaa huvuta ukingo wa gamba kuelekea ndani. Nahesabu kope nne zinazogusa mboni, zikiikwaruza kila anapopepesa, na tayari upande mmoja una ukungu. Wanawake huathirika zaidi, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wenye maambukizi. Bibi anafungua pindo la khanga na kunionyesha kibano cha bati ambacho mjukuu hutumia kumng'oa kope, lakini baada ya majuma machache huchipua tena zikiwa fupi na ngumu. Namwandikia upasuaji wa kugeuza ukingo Jumatano ijayo, nikimweleza wazi kwamba utazuia mkwaruzo, ila hautaondoa ukungu uliokwisha kuingia.

Saa sita tunajadili maji. Kisima kiko mbali, na mama anaamini kuwa kuosha nyuso kutammalizia ndoo. Sibishani naye. Natundika kibuyu chirizi chenye lita moja, watoto wanapanga foleni, na baada ya nyuso kumi maji bado yanadondoka. Watafiti waliofanya kazi hapa Kongwa tangu miaka ya 1980 walikutana na hesabu hii hii: familia huyadhania maji ya uso kuwa mengi kuliko yalivyo. Majaribio yao katika vijiji sita, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kwamba kampeni ya kuosha uso pamoja na dawa ilipunguza trakoma kali kuliko dawa peke yake, ingawa haikuufuta ugonjwa.

Mama anawapangusa watoto watatu kwa pindo moja la khanga. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikiwahimiza kina mama wafanye hivyo hivyo, nikisahau kwamba nguo huhamisha tongotongo kutoka jicho hadi jicho. Siku hizi nasema wauache uso ukauke wenyewe.

Saa tisa nampa mvulana tyubu ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa majuma sita, nikijua kwamba wengi huacha baada ya juma moja kwa sababu inafifisha macho. Azithromaisini ya kumeza mara moja ingekuwa rahisi zaidi, lakini hugawiwa kijiji kizima kwa pamoja, maana ukimtibu mmoja tu, ndugu zake watamrudishia vijidudu.

Saa kumi na moja nafunga daftari. Bibi ananiita na kuniomba nimrudishie kibano chake nilichokiweka sandukuni kwa bahati mbaya, kwa sababu hadi Jumatano bado ni siku sita.