Watazamaji wa video yako wameruka sehemu au wameondoka?

Fungua YouTube Studio, chagua video, ingia Analytics, utaiona grafu ya watazamaji waliobaki. Mstari kushuka taratibu hadi mwisho ni kawaida, usihangaike nao. Tafuta pale unapoanguka ghafla, kisha uangalie: unapanda tena au unabaki chini?

Chukua mfano wa video ya chapati ya dakika 6. Kwenye 2:10 mstari unaanguka kutoka asilimia 52 hadi 38, na kufika 2:50 umerudi 49. Hao hawajaondoka, wameruka tangazo la mdhamini wakaenda kwenye kukanda unga. Fupisha tangazo, basi. Lakini kwenye 4:30 unatoka 45 hadi 30 na haupandi tena. Hao wameenda zao. Rudi sekunde 10 kabla ya anguko usikilize: mara nyingi utakuta umeshasema "haya, ndiyo hizo chapati zetu". Mtu akishasikia kwaheri, anasubiri nini?

Ila video ikiwa imetazamwa mara 40 tu, kila anayeondoka anaushusha mstari kwa asilimia 2.5. Mabonde madogo ya mstari hapo hayasemi kitu.