Kumbukumbu ya mradi: shimo la chini ya mteremko, na madoa ya tabaka la tatu

Shimo la kusomea tabaka za udongo, chini ya mteremko, limefikia kina cha sentimita 150, urefu mita 2, upana mita 1, na ngazi upande wa nyuma. Uso wa kusomwa unatazama jua. Juu yake hakukumwagwa udongo wala kukanyagwa, kwa sababu muundo wa tabaka la kwanza ukishashindiliwa haurudi. Udongo wa juu umerundikwa kushoto na wa chini kulia, ili wakati wa kufukia kila kimoja kirudi mahali pake.

Koleo hupaka udongo wa mfinyanzi kama siagi na kuficha nyufa, mizizi na madoa. Kwa hiyo nusu ya uso ilichokonolewa kwa ncha ya kisu kuanzia juu kwenda chini, ili vumbi linaloanguka lisichafue sehemu iliyokwisha safishwa. Nusu nyingine imeachwa laini kwa picha, tepe ya kupimia ikining'inia pembeni.

Mipaka ilitafutwa kwa kisu kabla ya macho. Kisu kilizama kirahisi hadi sentimita 22, kikapita kwenye udongo mwepesi uliopauka hadi 41, kisha kikagoma ghafla. Badiliko hilo la pili linatimia ndani ya chini ya sentimita 2, na kwenye fomu linaandikwa kuwa mpaka mkali, ulionyooka. Linaloenea kati ya sentimita 5 na 15 lingeitwa la taratibu.

Rangi zote zimesomwa udongo ukiwa na unyevu: bonge linavunjwa, linanyunyiziwa maji hadi rangi isibadilike tena, kisha linalinganishwa na kitabu cha rangi cha Munsell jua likiwa nyuma ya msomaji. Likimeremeta, maji yamezidi. Miwani ya jua ivuliwe, na kazi hii isifanywe jua linapokaribia kuzama, maana mwanga wa jioni husukuma kila kitu kuelekea wekundu. Tabaka la kwanza ni 10YR 3/2, la pili 10YR 6/2.

Tabaka la tatu, 41 hadi 96, ndilo lililokula muda. Halina rangi moja, na kuandika wastani wa rangi zake ni kupoteza habari yenyewe. Muundo ni miche mikubwa ya udongo iliyosimama wima, inayovunjika kuwa mabonge yenye pembe, ya milimita 10 hadi 20. Kila bonge lilivunjwa kwa mkono, si kukatwa kwa kisu, kwa kuwa swali ni rangi ipi iko nje na ipi iko ndani. Nje, na kando ya njia za mizizi, ni kijivu cha 10YR 6/1. Ndani ni kahawia kali ya 7.5YR 5/6. Mpangilio huo unaonyesha maji ya mvua yaliyotuama juu ya mfinyanzi: yanashuka kwenye nyufa, hewa inakwisha humo, chuma kinayeyuka na kuhamia ndani ya bonge ambako bado kuna hewa. Maji yanayopanda kutoka chini kwa kawaida huacha picha iliyopinduliwa: kutu iko kwenye nyufa na mizizi, kijivu kiko ndani. Ndiyo sababu tabaka hili limeandikwa Btg: t ni ya mfinyanzi uliojikusanya, na g ni ya maji yaliyotuama. Herufi `l` katika mfumo wa FAO ni ya kutu inayoletwa na maji ya chini.

Madoa ya kutu yalikadiriwa kwa chati ya asilimia: takriban 30, kwa hiyo ni mengi (15 hadi 40). Ukubwa ni wa kati, milimita 6 hadi 20. Kingo zake zimefifia, dalili kwamba yameumbika hapohapo. Vijiwe vya chuma vyenye kingo kali huenda vililetwa na mmomonyoko, na haviwezi kuwa ushahidi wa unyevu wa sasa. Vivyo hivyo wekundu unaofuata umbo la jiwe lililooza: huo ni urithi wa mwamba. Bonge likivunjwa, kiini cha jiwe huonekana.

Dawa ya dipiridili, inayogeuka nyekundu ikikuta chuma kilichopungukiwa oksijeni, haikubadilika rangi. Hilo halipingi maelezo ya hapo juu, kwa kuwa dawa husema hali ya saa ile tu, na shimo limechimbwa wakati wa kiangazi. Ilitiwa kwenye bonge lililovunjwa papo hapo, upande ambao kisu hakikugusa, kwani chuma cha kisu kinaweza kuleta wekundu wa uongo.

Chini ya 96 madoa yanapungua hadi chini ya asilimia 5 na udongo unakuwa wa kahawia moja. Unyevu unaokoma kadiri unavyoshuka ni hoja ya pili ya maji yaliyotuama. Kilichobaki ni kutoboa kwa kekee kutoka sakafu ya shimo hadi mita 2, kuona kama kijivu kinarudi huko, kisha kuchukua sampuli, kilo 1 kwa kila tabaka, kuanzia la chini kabisa.