Kichwa kinachopasuka ukikohoa: ninavyoitafuta Chiari na kichwa maji

Wagonjwa wengi wa kichwa wanaofika kliniki hawahitaji picha ya ubongo. Kipandauso na kichwa cha mkazo wa misuli hutambulika kwa maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa kawaida. Wapo hata hivyo wachache ambao kichwa chao kinatokana na njia ya maji ya ubongo kubanwa au kuziba, na hao huwapati kwa kuuliza tu kwamba maumivu ni makali kiasi gani. Mimi huwapata kwa kuuliza maumivu yanaanzishwa na nini, yanakaa kwa muda gani, na mgonjwa akilala inakuwaje.

Chukua mfano wa dada mmoja wa miaka 34. Kichwa kilikuwa kinamsumbua kwa miezi minane. Alishapewa dawa za kipandauso, akatibiwa sainasi, akabadilishiwa miwani. Alishapigwa CT skani pia, ripoti ikasema hakuna tatizo. Nilipomwuliza kinaanzaje, hakusema chochote kuhusu mwanga wala kelele wala kichefuchefu. Aliweka kiganja kisogoni, pale fuvu linapokutana na shingo, akasema, "Daktari, nikikohoa tu, hapa panapasuka. Hata nikicheka. Hata chooni nikijikaza."

"Yanakaa muda gani, dada?"

"Nikihesabu mpaka arobaini, hamsini hivi, yameisha. Yanabaki mazito kidogo."

Maelezo hayo peke yake yanatosha kuagiza picha. Kichwa kinacholetwa na kikohozi, chafya, kicheko au kujikaza, kikiwa kisogoni na kikidumu kwa sekunde au dakika chache, huwa na chanzo kinachoonekana kwenye picha kwa wagonjwa wapatao 40 kati ya 100, na wengi wa hao wana kasoro ya Chiari aina ya kwanza, yaani sehemu ya ubongo mdogo imeshuka kuelekea shingoni. Wengine wana kichwa cha kikohozi kisicho na chanzo, ambacho huwapata zaidi watu waliopita miaka 40, lakini huruhusiwi kukiita hivyo kabla ya kuona picha. Kipandauso nacho huzidi mtu akikohoa, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mwenye kipandauso tayari anaumwa, kikohozi kinamwongezea tu. Huyu dada alikuwa mzima kabisa hadi alipokohoa.

Sababu ya maumivu hayo ni rahisi kuielewa ukifuata maji. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na mwili hutengeneza kama mililita 500 kwa siku, kwa hiyo maji yote hubadilishwa zaidi ya mara 3 kila siku. Yanatengenezwa kwenye vyumba vya ndani ya ubongo, yanapita vijia vyembamba, yanatokea nje karibu na ubongo mdogo, kisha yanazunguka na kufyonzwa kurudi kwenye damu. Chini ya fuvu kuna tundu kubwa ambamo uti wa mgongo unapita. Katika Chiari, ncha mbili za chini za ubongo mdogo, ziitwazo tonsili (si zile za kooni), zimeshuka na kuingia katika tundu hilo, zikawa kama kizibo. Hans Chiari, daktari wa patholojia wa Austria, alizieleza kasoro hizi mwaka 1891. Ukikohoa, mgandamizo wa kifua na tumbo hujaza damu mishipa ya vena kando ya uti wa mgongo ikatanuka, na maji husukumwa kuelekea kichwani. Kwa mtu mwingine yanapanda na kushuka bila kizuizi. Kwa mwenye kizibo, kwa muda mfupi mgandamizo wa juu ya tundu na wa chini yake hautoshani, tonsili zinavutwa na kubanwa, naye anaumia mpaka pande mbili zisawazike.

Baada ya hapo nilimwomba dada anionyeshe mikono. Kwenye kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia kulikuwa na makovu mawili ya kuungua, moja bado bichi. Nilipomwuliza yametokana na nini, alisema ni sufuria, na kwamba aligundua alipoona ngozi imetoka lengelenge. Hakusikia moto.

Kovu kama hilo halitakiwi kupita hivihivi. Nilichukua pamba na pini safi. Pamba aliisikia kila mahali. Pini ilipofika mikononi, mabegani na juu ya mgongo aliisikia kama kidole butu, na chini ya kifua ikawa kali tena. Mirija miwili, mmoja wa maji moto na mwingine wa maji baridi, hakuweza kuitofautisha mikononi. Mguso umebaki, maumivu na joto vimepotea, na eneo lenyewe limekaa kama shali iliyotupiwa mabegani. Hali hiyo huelekeza kwenye uwazi wenye maji katikati ya uti wa mgongo, yaani siringomielia, kwa sababu nyuzi zinazobeba maumivu na joto huvuka upande mmoja kwenda mwingine pale katikati, na uwazi ukitanuka huzikata hizo kwanza. Nyuzi za mguso hupita nyuma, zinasalimika. Nikaangalia pia macho yakitazama chini, maana kuna mtikisiko wa mboni unaopiga kuelekea chini ambao huonekana ubongo mdogo ukibanwa hapo. Nikamwuliza kuhusu kupaliwa akimeza, sauti kukwaruza, na kukoroma kwa kukatika pumzi. Hakuwa na hayo. Nyuma ya jicho, kichwa cha neva ya macho kilikuwa na kingo safi.

Fomu ya picha ina uzito wake. Ukiandika "ubongo, maumivu ya kichwa" unaweza kurudishiwa jibu ambalo halina msaada. Mimi niliandika: MRI ya ubongo pamoja na shingo, na picha za kukata kwa ubavu zinazoonyesha vizuri maungio ya fuvu na shingo, kichwa cha kikohozi kisogoni, amepoteza hisia za maumivu na joto mikononi, naomba tonsili zipimwe na uti wa mgongo utazamwe kama una uwazi. CT yake ya awali ilisema hakuna tatizo kwa sababu inayoeleweka: eneo lile limezungukwa na mfupa mnene unaotia ukungu kwenye CT, na vipande vya kulala mara nyingi huishia pale pale juu ya tundu. CT iliyo safi haiondoi Chiari.

MRI ilionyesha tonsili zimeshuka milimita 11 chini ya ukingo wa tundu, zimechongoka kama kigingi, na uwazi wa maji kuanzia pingili ya nne ya shingo hadi ya pili ya kifua. Kwa mtu mzima tunahesabu milimita 5 au zaidi kuwa ni Chiari. Ila kipimo peke yake hakitoshi. Kabla ya kumpeleka kwa daktari wa upasuaji wa ubongo nilihitaji kujua kama tonsili zimezaliwa pale au zimesukumwa au zimevutwa. Maji ya uti wa mgongo yakivuja mahali, ubongo mzima hushuka na tonsili hushuka nao. Mgonjwa huyo huumwa akisimama na kupata nafuu akilala, na ukimfungua fuvu unatibu kitu kisicho chanzo. Uvimbe, au vyumba vya ubongo vilivyojaa maji, navyo husukuma tonsili kwenda chini, na hapo kinachoanza kutibiwa ni hicho kinachosukuma. Vyumba vya dada vilikuwa vya kawaida, na kusimama hakukumwongezea maumivu.

Vyumba vikiwa vimetanuka, mambo hubadilika na hata mwendo wa kazi hubadilika. Kichwa maji kwa mtu mzima au kijana, kijia kikiwa kimezibwa, hakisubiri kikohozi. Maumivu humwamsha alfajiri au huwa makali zaidi anapoamka, kwa sababu kulala huinua mgandamizo wa damu ya vena kichwani, na usingizini kaboni dayoksaidi hupanda kidogo na kutanua mishipa. Akitapika hupata nafuu kidogo. Siku hadi siku yanazidi. Namwangalia kama anaona vitu viwiliviwili akitazama mbali, maana neva ya sita, inayovuta jicho kwenda nje, huathirika kwa urahisi. Kama macho yanashindwa kutazama juu. Kama kingo za kichwa cha neva ya macho zimevimba na kufifia. Kama anasinzia kuliko kawaida. Huyu hasubiri miadi ya MRI. CT siku hiyohiyo inatosha kuonyesha vyumba vilivyotanuka, MRI itafuata kutafuta palipoziba. Na sindano ya kutoa maji mgongoni haichomwi kabla ya picha, si kwake wala kwa yule wa Chiari, kwa sababu ukipunguza maji chini huku juu kumejaa, ubongo unaweza kushuka na kukaba shina lake tunduni. Aliyewekewa zamani shanti, yaani mrija wa kutoa maji ya ziada kichwani, akija na kichwa, kutapika au usingizi, mimi humchukulia kuwa shanti imeziba mpaka picha ikanushe, hata kama kichwa chenyewe kinafanana na malaria au kipandauso. Kwa mtoto mchanga hakuna wa kusema kichwa kinauma. Hapo kazi ni ya utepe wa kupimia mzunguko wa kichwa, utosi uliojaa, na macho yaliyoelekea chini.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo linaniumiza zaidi. Karibu mtu 1 kati ya 100 wanaopigwa MRI huonekana na tonsili zilizoshuka, na wengi hawana dalili yoyote inayotokana nazo. Mtu mwenye kipandauso cha miaka kumi, cha upande mmoja, cha saa nyingi, chenye kuchukia mwanga, akionekana na milimita 6 bila uwazi kwenye uti, bado ana kipandauso. Upasuaji hautakiondoa. Ninamweleza hivyo waziwazi na kumtibu kipandauso chake, kisha nafuatilia kama kuna hisia inayopotea mikononi.

Dada alifanyiwa upasuaji. Waliondoa sehemu ya mfupa wa nyuma wa tundu na upinde wa pingili ya kwanza ya shingo, wakapanua utando wa ubongo kwa kiraka ili maji yapate nafasi ya kupita. Kichwa cha kikohozi kiliondoka ndani ya wiki chache. MRI ya miezi sita ilionyesha uwazi umepungua kwa zaidi ya nusu. Hisia ya joto vidoleni haikurudi, na mara nyingi hairudi nyuzi zikishakatwa. Lengo la upasuaji lilikuwa kuzuia zisizidi kupotea. Kwa hiyo sufuria anaishika kwa kitambaa kinene kila wakati, iwe imetoka motoni au la, na maji ya kuoga huyapima kwanza kwa mguu.